Karibu nyumbani Mamdogo

Shikamoo mamdogo!! Najua hii utaisoma ukishapata waifai pale eapoti, basi KARIBU NYUMBANI. Miaka 18 jamani. Ulivyoondoka 2007 nilikuwa darasa la tatu unanivalisha soksi, sasa hivi nina ndevu, kwa hiyo usije ukanipita hapo nje ukadhani ni dereva teksi. Nimevaa jezi ya Yanga makusudi, najua wewe Simba damu, ukiona kitu cha kukukera macho ujue ndo mimi.

Tuko wawili tu, mimi na mama. Bibi alitaka tukodi Kosta ije ukoo mzima na ngoma, tumembembeleza tangu juzi mpaka kakubali kubaki nyumbani, ila kila nusu saa anapiga simu kuuliza ndege imefika wapi utafikiri mi ndo rubani. Usiwe na haraka, hilo jengo la 3 hulijui, lilifunguliwa 2019, fuata watu tu mpaka kwenye mabegi, likichelewa moja subiri, sisi hatuendi popote.

Nyumbani Ilala tutafika fasta, pale Tazara ulipokuwa unalia na foleni siku hizi tunapita juu kwa juu kwenye flaiova. Laini ya simu tutaenda kusajili kesho kutwa maana lazima alama zako za vidole, kwa sasa utatumia kasimu kangu kadogo. Na utaenda mwenyewe kwa wakala kutoa hela, umetutumia miaka yote hii sasa na wewe upange foleni kidogo hahaha, ulivyoondoka hata Mpesa haikuwepo Bongo.

Chakula bibi kapika mwenyewe, kakataa kabisa kusaidiwa, wali wa nazi, changu wa kukaanga na mchicha, na maembe yamejaa ndoo nzima, Desemba hii ndo yenyewe. Ukishakula ulale. Chumba kimewekwa feni mpya maana joto la huku kwa mtu aliyetoka kwenye baridi la Lesta litakufanya uombe kurudi (hatukurudishi). Majirani tumewaambia uje uonwe Jumapili, leo na kesho hamna mgeni, mama ndo mlinzi wa geti na unamjua dada yako.

Kwa babu makaburini tutaenda siku utakayosema wewe. Hata kama ni mwezi ujao sawa. Bibi naye kasema hivyo hivyo, asiharakishwe mtoto wangu.

Zawadi hatuulizi. Mmoja tu kule nyumbani, simtaji, ameuliza kama kuna chokleti, ana miaka 6 msamehe.

Haya ukitoka kwenye mlango wa kioo simama hapo hapo, usibebe begi lolote. Tunakuja sisi.