Muhtasari wa utetezi, dakika tano, toleo jipya

Mdogo wangu, habari za huko Mabibo. Nimemaliza kuusoma muhtasari ulionitumia, na tasnifu yenyewe nimeirudia sura ya nne na ya tano. Kazi ni nzuri. Ndiyo maana nimeumia kidogo nilipoona muhtasari unaificha.

Tazama ulivyoanza: "Utafiti huu ulikusudia kuchunguza, kubainisha na kuchanganua vigezo vya kiisimujamii na kimofosintaksia vinavyotawala ujinaishaji wa vituo vya mabasi ya abiria katika Jiji la Dar es Salaam, ukiongozwa na malengo mahususi matatu na maswali matatu ya utafiti." Halafu unayataja malengo yote matatu, kisha maswali yote matatu, ambayo ni malengo yaleyale yaliyowekewa alama ya kuuliza. Hapo dakika mbili zimekwisha na jopo bado halijasikia jina la kituo hata kimoja. Dampo, mfano wako bora kuliko yote, umeuweka ukurasa wa mwisho ndani ya mabano.

Nimeuandika upya wote. Nimeanza na Dampo, nikaleta swali na jibu papo hapo, kisha ushahidi. Mapitio ya maandiko nimeyatoa kabisa; wajumbe wanayo tasnifu mkononi, na anayetaka sura ya pili atakuuliza. Nimeusoma kwa sauti kwa mwendo wa kawaida, unaisha kabla ya dakika tano, kwa hiyo una nafasi ya kupumua. Huu hapa:

Mheshimiwa mwenyekiti wa jopo, waheshimiwa watahini, wasimamizi wangu, na nyote mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi.

Tabata kuna kituo kinaitwa Dampo. Dampo lenyewe halipo. Lilifungwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, baada ya wakazi kulipeleka jiji mahakamani kwa sababu ya moshi na harufu. Kijana wa leo wa Tabata hajawahi kuliona. Lakini konda akiuliza, "Dampo wapo?", kijana huyohuyo anajibu, "Shusha!" Tasnifu yangu inauliza swali moja: kitu kikishaondoka, nini kinalibakiza jina lake?

Jibu nililolipata lina sehemu mbili. Jina linabaki kwa sababu ya umbo lake la kisarufi, na kwa sababu ya kazi linayoifanya ndani ya gari.

Data nilizikusanya hasa katika njia tatu: Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kariakoo, Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, na Barabara ya Mandela pamoja na matawi yake ya Tabata. Palipo na daladala nilipanda magari nikasikiliza miito ya makonda, kisha nikawahoji makonda, madereva, abiria na wazee wa mitaa.

Nianze na umbo. Majina ya vituo yanaangukia katika miundo mitatu. Wa kwanza una kiambishi cha mahali -ni: Tabata Relini, Manzese Darajani, Sinza Makaburini. Wa pili ni nomino tupu inayofuata jina la eneo: Tabata Dampo, Buguruni Sheli, Magomeni Mapipa, Mbagala Rangi Tatu. Wa tatu unatumia "kwa" na jina la mtu: Mtoni Kwa Aziz Ali, Tandale Kwa Mtogole, Mwananyamala Kwa Kopa.

Tofauti ya muundo wa kwanza na wa pili ndiyo kiini cha tasnifu hii. Konda anayeita "Relini" anamwelekeza abiria: shuka hapa, reli utaiona. Konda anayeita "Mapipa" hamwahidi mtu kwamba ataona pipa. Kiambishi -ni kinalifunga jina kwenye kitu. Nomino tupu imekwisha kuachana na kitu, imekuwa jina kamili la mahali. Niliwapa watoa taarifa umbo "Dampo-ni" kama jina la kituo, na vijana kwa wazee walilikataa. Mzee mmoja aliniambia, "Huko dampo-ni ni kwenye takataka. Sisi tunakaa Dampo." Kwa hiyo lori la mwisho la taka lilipoondoka, jina halikutikisika, kwa kuwa halikuwa likilitegemea.

Sehemu ya pili ni kazi. Ndani ya daladala jina la kituo ni chombo. Lazima lisikike juu ya muungurumo wa injini, litofautishe kituo hiki na kinachofuata, na dereva na abiria walielewe vilevile kwa wakati mmoja. Atakayelibadilisha peke yake atapitishwa kituo. Kila safari inalithibitisha jina upya, bila kujali kama kitu cha asili kipo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Barabara ya Morogoro. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na daladala zikaondolewa kwenye njia hiyo kuu. Konda aliyekuwa akiyaita majina hakuwapo tena. Kama majina yangekuwa yanaishi mdomoni mwake tu, yangeanza kufifia hapo. Badala yake yalipanda kwenye vibao vya vituo: Bucha, Kona, Mwembechai, Argentina, Magomeni Mapipa. Majina ambayo hakuna kikao kilichoyapitisha, leo yanasomwa kwenye mbao rasmi za usafiri wa jiji.

Utafiti una mipaka yake. Haukugusa Kigamboni wala njia za Bagamoyo. Pia haukuweka mwaka wa kuzaliwa kwa kila jina. Pale wazee walipotofautiana, nimeandika masimulizi yao yote bila kuchagua moja.

Mchango wa tasnifu hii ni kuonyesha kwamba kiambishi -ni, tulichozoea kukifundisha kama alama ya mahali tu, kinatusaidia pia kupima umbali kati ya jina na kitu. Na kwa upande wa matumizi: mwaka 2022 nchi yetu ilifanya operesheni ya anwani za makazi, na mitaa mingi ikapata vibao. Napendekeza kazi kama hiyo inapoendelea, majina ya vituo yaorodheshwe na kuheshimiwa, kwa sababu ndiyo anwani ambayo wakazi tayari wanaelekezana nayo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.

Mwisho wa muhtasari.

Ukisoma utaona nimelibakiza neno "kiambishi" na "nomino tupu". Hayo jopo linayahitaji. "Mofosintaksia" nimeitoa, maana kila mahali ulipoitumia ulikuwa unamaanisha jambo hilihili la -ni, na ni afadhali walisikie likiwa na mfano. Sentensi ya mzee usiifupishe. Ni data yako mwenyewe, imetoka kwenye kinasa sauti chako, na inasema kwa pumzi moja kile ambacho sura ya nne inakisema kwa kurasa nyingi. Kabla ya kuisema, nyamaza kidogo.

Swali litakalokuja, na nina hakika litakuja, ni la Mikocheni. Mtahini atasema: jina lina -ni, lakini miti ya mikoche iko wapi siku hizi? Mbona jina halijafa? Usijitetee kwa haraka. Kubali kwamba mfano ni halali, kisha jibu hivi: "Mikocheni imepanda daraja, kutoka alama ya mahali hadi jina la eneo zima, na maeneo makubwa yana taratibu zao. Dai langu linahusu vituo, ambavyo jina lake hufuata jina la eneo. Ndani ya Mikocheni yenyewe abiria bado anahitaji jina jingine la kushukia." Jibu hilo lipo kwenye sura ya tano, aya ambayo ulitaka kuifuta. Usiifute.

La pili litakuwa Mwembechai: ni mti, ni chai, au ni masimulizi? Hapo jibu lako ni fupi. Tasnifu haichunguzi asili ya jina, inachunguza kubaki kwake. Ukianza kusimulia hadithi za asili za majina, dakika zitaisha na watakuona umehama mada. Najua unazipenda hadithi hizo, na siku moja ziandikie makala. Jumatano ziache.

Wakikuuliza kuhusu "Kwa Aziz Ali" na wenzake, kwa nini umewapitia upesi, sema ukweli uliouandika: muundo wa tatu una data chache zaidi, na unahitaji utafiti wa historia ya familia ambao haukuwa ndani ya upeo wako. Msimamizi wako atafurahi ukilisema wewe kabla hajalazimika kulieleza yeye.

Slaidi zako ziwe nne tu. Ya kwanza, picha ya kibao cha Dampo uliyoipiga mwenyewe, bila maandishi mengine zaidi ya jina la tasnifu na lako. Ya pili, miundo mitatu na mifano yake. Ya tatu, "Relini" na "Dampo" bega kwa bega. Ya nne, vibao vya mwendokasi. Slaidi ya malengo iweke nyuma kabisa, uifungue ukiombwa.

Kwenye faili uliyonitumia umeiweka "Kimara Korogwe" katika kundi la nomino tupu bila maelezo. Lakini Korogwe ni jina la mji, lilikuwa jina la mahali kabla halijafika Kimara, kwa hiyo halithibitishi unachodai. Nimeliacha nje ya hotuba. Litoe na kwenye slaidi ya pili kabla hujaituma kwa katibu wa jopo kesho mchana, kisha nipigie jioni uisome yote kwenye simu, nami nitashika saa.