Sehemu ya 5: Mpango wa kontrole ya ubora

Pendekezo la kushona sare 6,000 (mashati meupe 3,000, suruali na sketi za buluu 3,000) kwa shule nne za komuni za Katuba na Kenya, Lubumbashi

5.1 Tunachokilinda

Watoto wengi watakaovaa sare hizi watakuwa na shati moja tu, linalofuliwa jioni na kuvaliwa tena asubuhi. Kwa hiyo tumeupanga ukaguzi kuanzia kwenye kitambaa na kwenye meza ya kukatia. Kasoro ikikutwa kwenye roli, roli inarudishwa. Ikikutwa kwenye shati lililokwisha kushonwa, kitambaa, uzi na siku ya fundi vimekwenda bure.

5.2 Masharti kwa wauzaji wa kitambaa, uzi na vifungo

Kitambaa cha shati kiwe cha polista 65% na pamba 35%, gramu 115 kwa mita ya mraba. Cha suruali na sketi kiwe gramu 220. Tunaruhusu tofauti ya 5% juu au chini. Ili kuhakikisha, tunakata kipande cha sentimita 10 kwa 10 na kukiweka kwenye mizani ndogo: cha shati kinapaswa kuwa na gramu 1.15, cha buluu gramu 2.2. Lebo ya roli haitoshi kuwa ushahidi, hata kama mzigo umepita Kasumbalesa na karatasi zake zote.

Roli zote za buluu zitoke katika mpigo mmoja wa rangi. Hapo hatulegezi kamba, kwa sababu mipigo miwili inaweza kufanana dukani na kutofautiana mstarini shuleni, chini ya jua.

Kila mzigo unapofika tunafanya majaribio mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni kusinyaa: tunachora mraba wa sentimita 50, tunafua, tunakausha, tunapima tena. Ukipungua zaidi ya sentimita 1.5 upande wowote, yaani 3%, mzigo haupokelewi. La pili ni kuchuja rangi: kipande cha buluu kinashonwa pamoja na cheupe, vinafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, na cheupe kinapaswa kubaki cheupe.

Uzi uwe wa polista, si wa pamba. Vifungo viwe na matundu manne na visipasuke chini ya pasi.

5.3 Vituo vya ukaguzi

Kituo cha kwanza ni kupokea kitambaa, kama ilivyoelezwa. Cha pili ni meza ya kukatia: msimamizi anapima kipande cha juu, cha kati na cha chini cha kila rundo, kwa sababu rundo likiwa nene kisu hupinda na vipande vya chini hutoka vidogo. Tofauti isizidi milimita 3.

Kituo cha tatu ni kwenye mashine zetu 24. Mara mbili kwa siku mkaguzi anachukua nguo tano kwa kila fundi: mishono minne hadi mitano kwa sentimita, kola iliyo sawa pande zote, vifungo vilivyokazwa. Kasoro za fundi zikizidi 5% kwa siku, mashine yake inasimama mpaka sababu ijulikane. Mara nyingi sababu ni sindano butu au uzi uliokazwa mno, wala si uzembe. Sindano ikivunjika, vipande vyote vinakusanywa na kubandikwa daftarini. Kimoja kikikosekana, nguo iliyokuwa mashineni haitoki.

Cha nne ni pasi. Kazi itaangukia Julai na Agosti, kiangazi chenye vumbi jekundu, na umeme wa SNEL unaweza kukatika wakati wowote. Pasi ya makala haitagusa shati jeupe. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa kwa ajili ya pasi kwanza, na nguo zilizo tayari zinafunikwa mara moja.

5.4 Kiwango cha kasoro na kupokea mzigo

Tutawasilisha mashati 600 na nguo za buluu 600 kila wiki, kwa wiki tano. Kwa kila fungu la 600, nguo 80 zinachaguliwa kwa nasibu kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya kuchagua sampuli, ISO 2859-1, ngazi ya II, na mjumbe wa kamati ya wazazi ndiye anayechagua, si sisi.

- Kasoro ya hatari (ncha ya sindano, pini): hata moja tu, fungu lote linakataliwa.
- Kasoro kubwa (mshono uliofumuka, kipimo kisicho sahihi, doa lisilotoka), kiwango cha ubora unaokubalika 2.5: zisipozidi 5 fungu linapita, zikifika 6 linakataliwa.
- Kasoro ndogo (uzi unaoning'inia, pindo lililopinda kidogo), kiwango 4.0: zisipozidi 7 linapita, zikifika 8 linakataliwa.

Nguo mbovu zilizoonekana katika fungu lililokubaliwa zinabadilishwa pia. Fungu lililokataliwa tunalikagua nguo kwa nguo kwa gharama yetu na kulirudisha ndani ya siku sita.

5.5 Malipo

Tunaomba 30% ya bei ya kila fungu ilipwe baada tu ya mjumbe wenu kutia sahihi karatasi ya ukaguzi. Aidha, 2% ya bei yote ibaki mikononi mwa kamati hadi tarehe 31 Oktoba. Shati lolote litakalofumuka mshono kabla ya siku hiyo lirudishwe atelye, litashonwa au kubadilishwa bila mzazi kulipa kitu.