Mayini

Bibi alikataa kuimba mikono mitupu. "Namuimbia nani, simu?"

Basi Salma akaenda nyumba ya pili kumwazima mtoto wa miezi saba. Bibi alipompakata tu, maneno yakaanza kutoka, moja likivuta jingine, kama kwamba yalikuwa yamekaa kwenye viwiko vyake miaka yote hiyo.

Usiku akaketi kunukuu alichorekodi kwa simu. Bembelezi ya dakika nne ilimla saa tatu nzima. Mtaa wa Langoni, hapa Lamu, haunyamazi, na punda walikuwa wamelia ndani ya rekodi mara mbili. Halafu kulikuwa na neno moja, "kshii", lililomtoa jasho. Kamusi zote alizokuwa nazo hazikulijua. Kulipokucha akamuuliza mwenyewe.

"Nilikuwa nafukuza kuku," Bibi akasema.

Salma akalifuta. Baadaye akalirudisha, ndani ya mabano. Msimamizi wake kule chuoni Mombasa alishamwonya: andika unavyosikia, usisanifishe. Kompyuta nayo haikutaka kusikia hayo. Ilimpigia mstari mwekundu kila penye Kiamu:

*Lala mwanangu ulale,*
*babako yuko mayini,*
*atakuya na mtee,*
*fumba mato, funga kanwa.*

Kwenye safu ya maelezo aliandika: "Baba ni baharia. Mama anamngoja arudi na mchele." Akamsomea Bibi, akijiona kafanya kazi ya maana. Bibi alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele wa mchana.

"Baharia nani?"

"Babu. Si ndiye alikuwa mayini?"

Bibi akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Babuyo alikuwa fundi wa milango. Akikanyaga dau, hutapika."

"Sasa mayini wapi?"

Bibi akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa uani.

"Shela. Alikuwa na mke kuko. Akenda kwa dau, na kutapika kwake. Mamako ndiye aliyekuwa mikononi mwangu, ana homa, hataki kulala."

Miaka ishirini na mbili Salma amekula na kulala nyumba hii, na hakuwahi kusikia habari ya mke wa Shela. Akatazama mchele kwenye ungo.

"Na huo mtee?"

"Uliliwa kuko kuko."

Kuku akaingia tena. Safari hii hakuna aliyemfukuza.

"Niandikeje, Bibi? Hii itasomwa na watu."

"Wanawe wa Shela wako hai, na kusoma wajua. Wewe andika yuko mayini. Mimi sikumdanganya mtoto."

Salma akafuta "baharia", akaandika: "Baba yuko safarini." Akamsomea.

"Kwa dau," Bibi akasema bila kuinua uso. "Ongeza hapo, kwa dau."