Prompt ya posta ya ukungu, Mafinga hadi Makambako

Nichoree posta ya wima, saizi A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4, itabandikwa ukutani kwenye vibanda vya chai na migahawa ambapo madereva wa malori na mabasi wanasimama kula kati ya Mafinga na Makambako, wengi wataisoma wamesimama na kikombe mkononi, hivyo iwe kitu cha kukamata jicho kwa sekunde mbili tatu halafu kikae kichwani mpaka huko mbele kwenye ukungu.

Rangi ni mbili basi. Ya kwanza ni weupe uliochoka, kama ukungu wa mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi, `#E8E6E1`, hiyo ndo posta karibu yote. Ya pili ni kijani iliyokolea inayokaribia nyeusi, rangi ya msindano uliolowa, `#1C2B26`. Hakuna ya tatu, hata kijivu cha kati hakuna, hakuna rangi inayofifia kwenda nyingine, hakuna kivuli wala chengachenga za karatasi ya zamani. Nyekundu nimeifikiria nikaikataa, ukimvalisha kijana wa kwenye posta sweta jekundu anaonekana kutoka mbali na mimi sitaki aonekane kutoka mbali, ndo point yenyewe.

Kitu kimoja tu kwenye posta: kijana anasukuma baiskeli yenye gunia la viazi la lumbesa, lile lililojazwa mpaka likaota kilemba juu. Aonekane kwa ubavu, anaelekea kushoto, nilitaka atokee kwa nyuma kama dereva anavyomkuta lakini kwa nyuma na udogo huu atafanana na jiwe. Urefu wake kuanzia mzula kichwani mpaka chini ya mabuti usizidi sentimita 4. Akae chini kulia, robo ya mwisho ya karatasi, ila asigusane na ukingo. Mgongo umeinama, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unalishikilia gunia kwa nyuma, maana pale barabara inapanda. Gunia limefungwa kwa mpira wa tyubu, na kipande cha mpira kinaning'inia, kiache hicho, ni kauzi kadogo lakini ndo kanafanya mtu wa huku aseme huyu namjua.

Sasa hapa uwe makini. Tairi la mbele usilichore. Nusu ya usukani nayo usiichore. Vimemezwa na ukungu, lakini ukungu wenyewe hauchorwi popote, umbo linakatika tu ghafla kwa mstari safi na weupe unaendelea, jicho la mtu litamalizia tairi lenyewe. Ukiweka wingu, moshi au mistari ya mvua umeharibu. Mstari wa ardhi pia usiweke, wala barabara, wala lami, anatembea juu ya weupe mtupu.

Usinijazie nafasi. Najua ukiambiwa Nyanda za Juu Kusini utatamani kuweka milima, mashamba ya chai, misindano, jua linachomoza, hapana, hata ndege mmoja hapana. Lori usiweke kabisa. Lori ni yule anayeangalia posta. Kwa spidi 80 anakula mita 22 kila sekunde kabla hata mguu haujafika kwenye breki, kwa hiyo huo weupe wote juu ya kijana ndo mita zake, ukiupunguza umempunguzia kijana uhai. (Mimi mwenyewe Nyololo nilishawahi kumkwepa mmoja kwa upana wa kioo cha pembeni, nikapaki mbele miguu inatetemeka, naye akapita na viazi vyake akanisalimia.)

Maandishi ni mistari miwili, kijani ile ile, herufi nene kiasi zisizo na mikia, zikae juu kushoto mbali kabisa na kijana, urefu wa herufi usizidi ukubwa wa tairi lake la nyuma. Andika hivi hivi, herufi kwa herufi:

Ukimuona ushachelewa.
Washa taa, punguza mwendo.

Neno "ushachelewa" usilirekebishe likawa "umeshachelewa", madereva hawaongei hivyo. Nembo hakuna, namba ya simu hakuna, fremu hakuna.

Kingo za umbo ziwe kali kama zimekatwa kwa wembe, maana itachapwa kwa wino mmoja juu ya karatasi yenye weupe huo huo, na chochote kilichofifia kitatoka madoa.

Nipe tatu. Kijana awe yule yule na maneno yale yale, ubadilishe tu mahali aliposimama chini kulia, na katika moja kati ya hizo umezwe mpaka mkono wa mbele.