Kupima chaja na kebo kwa multimita: mwongozo wa anayeanza

Simu haiingizi chaji, na hujui mkosaji ni chaja au kebo. Multimita yoyote ndogo inatosha kukata shauri.

Waya mweusi wa mita unaingia tundu la COM, mwekundu lile la VΩmA. Tundu la 10A liache: mwekundu ukiwa humo halafu ukapima volti, utakuwa umeipiga chaja shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Soma lebo ya chaja palipoandikwa OUTPUT, kwa mfano 5V 2A. Kisha zungusha swichi hadi kwenye V yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, ambayo ni DC, uweke 20. V yenye kiwimbi ni AC, ya umeme wa ukutani, hatuihitaji. Hiyo 20 ni kikomo cha kipimo, kwa hiyo chaja za volti 5, 12 na 19 zote zinapimika hapo.

Chomeka chaja ukutani. Ndani ya tundu pana la USB kuna vibati vinne. Umeme uko kwenye viwili vya pembeni kabisa. Vya katikati ni vya data. Gusa hivyo viwili bila kuacha ncha zigusane. Chaja nzima husoma kati ya 4.75 na 5.25. Ukiona -5.08 usishtuke, umegeuza ncha tu. Kwa plagi ya duara, fuata mchoro mdogo kwenye lebo unaoonyesha chanya iko ndani au nje.

Tundu la Taipu-C lina tabia yake: halitoi umeme mpaka litambue kuna kifaa. Kusoma 0 hapo hakumaanishi chaja imekufa, na pini zake ni finyu mno kwa ncha za kawaida. Mimi singezichokonoa.

Halafu, volti 5 kamili bila mzigo bado si cheti. Chaja iliyochoka husoma vizuri ikiwa peke yake, ikianza kulisha simu inaporomoka.

Sasa kebo. Ichomoe pande zote mbili, maana kipimo hiki hakitaki umeme wowote. Weka swichi kwenye alama ya sauti, gusanisha ncha za mita: ikilia, iko tayari. Gusa kibati cha pembeni upande mmoja na pini inayolingana nacho upande wa pili. Pini ikiwa ndogo, shikilia sindano kwenye ncha. Mlio maana yake waya ni mzima. OL, au 1 peke yake kushoto, maana yake umekatika. Ipinde kebo karibu na shingo za plagi huku ukisikiliza, kwani hapo ndipo hukatikia mara nyingi. Mwisho pima vibati viwili vya umeme vya upande uleule: pawe kimya. Pakilia, nyaya zimegusana ndani.

Kebo inayolia lakini inachaji polepole, ipime kwenye Ω 200, utoe kiasi ambacho mita husoma ncha zikigusanishwa. Ohmu 1 ikipitisha ampea 1 inakula volti 1 nzima, na kati ya 5 hiyo ni nyingi.