Muhtasari wa Mkutano Mkuu Maalumu wa Kuvunja Umoja wa Kufa na Kuzikana Makorora Kati, Tanga

Mkutano ulifanyika Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, katika darasa tuliloazimwa na shule ya msingi ya mtaani. Uliitishwa kwa saa 4:00 asubuhi, ukaanza saa 4:35 baada ya akidi kutimia.

Mahudhurio: wanachama hai ni 46, waliofika ni 37. Akidi kwa mujibu wa Katiba ni theluthi mbili, yaani 31. Waliotoa udhuru ni 6. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa alihudhuria kama mwalikwa, bila haki ya kupiga kura.

1. Kufungua mkutano
Mwenyekiti, Mzee Salimu Mbwana, alifungua mkutano baada ya dua ya Kiislamu na sala ya Kikristo. Katibu alithibitisha kuwa taarifa ya mkutano pamoja na ajenda iliwafikia wanachama siku 21 kabla, kama Katiba inavyotaka.

2. Hoja ya kuvunja Umoja
Hoja ilitolewa na Mwl. Esta Shemdoe, ikaungwa mkono na Ndg. Hamisi Kombo. Mtoa hoja alieleza kuwa tangu Umoja uanzishwe mwaka 1998 wanachama wengi wamehama au wamefariki, na kwa miaka minne hakuna kijana aliyejiunga. Vijana wanachangiana kwa simu msiba unapotokea, na hawaoni haja ya ada ya kila mwezi.

Bi. Mwanahawa Juma alipinga. Alisema michango ya simu humfaa mwenye ndugu wengi, na akauliza mjane asiye na jamaa atazikwa na nani. Swali hili lilichukua muda mrefu, na ndilo lililozaa sharti lililo katika kipengele 4(b).

Kura ilikuwa ya siri. Zilihitajika robo tatu ya kura za waliohudhuria, yaani 28. Matokeo: ndiyo 31, hapana 4, zilizoharibika 2.

Azimio: Umoja umevunjwa kuanzia leo. Kamati ya Utendaji inabaki kwa kazi ya kufunga hesabu na kukabidhi mali tu.

3. Hesabu za mwisho (1 Januari – 30 Juni 2025)
Mhazini, Bi. Rehema Athumani, aliwasilisha hesabu zilizokwisha kupitiwa na wakaguzi wawili wa ndani:

Salio la kuanzia: Sh. 2,614,000
Ada (wanachama 41 × Sh. 18,000): Sh. 738,000
Ukodishaji wa viti na maturubai: Sh. 540,000
Rambirambi, misiba 3: Sh. 1,200,000
Kodi ya stoo: Sh. 240,000
Ukarabati wa maturubai: Sh. 85,000
Makato ya benki: Sh. 31,500
Nauli na steshenari: Sh. 22,500
Salio: Sh. 2,313,000 (benki 2,290,000, taslimu 23,000)

Ndg. Kombo alihoji Sh. 85,000 za maturubai, kwa kuwa hapakuwa na risiti ya duka. Mhazini alionyesha hati ya mkono yenye saini ya fundi na namba yake ya simu. Mkaguzi mmoja alisema alimpigia fundi, naye akakiri kupokea fedha hizo. Mkutano uliridhika.

Ada ambazo wanachama 5 hawakulipa, Sh. 90,000, zimesamehewa. Hesabu zilipitishwa kwa kunyoosha mikono: 36 waliafiki, mmoja hakunyoosha.

4. Madeni na mgawanyo wa mali
Yatalipwa kwanza: rambirambi iliyobaki ya msiba wa Juni, Sh. 200,000, kodi ya stoo ya Julai, Sh. 40,000, fundi viti, Sh. 60,000, na gharama za kufunga, Sh. 65,000. Kitabaki Sh. 1,948,000.

Ndg. Rajabu Ally alipendekeza fedha zigawanywe kwa wanachama. Katibu alisoma Ibara ya 22: mali iliyobaki haigawanywi kwa wanachama, bali huenda kwenye shughuli zinazofanana na malengo ya Umoja. Pendekezo likaondolewa. Iliamuliwa:

(a) Sh. 748,000 ziende kwenye ukarabati wa uzio wa makaburi ya mtaa.
(b) Sh. 1,200,000 zikabidhiwe kikundi cha kuzikana cha mtaa jirani, kwa sharti la maandishi kwamba kitampokea mwanachama wetu yeyote atakayetaka, bila kiingilio.
(c) Maturubai 2, viti vizima 112 na masufuria 6 vikabidhiwe Serikali ya Mtaa, vitumike msibani bila malipo. Sufuria moja bado liko kwa mwanachama tangu harusi ya mwanawe; alirudishe kabla ya tarehe 20 Julai.

5. Utekelezaji
Katibu atamwandikia Msajili chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, akiambatisha muhtasari huu, hesabu na cheti cha usajili. Watia saini watafunga akaunti baada ya malipo yote, si zaidi ya tarehe 31 Agosti 2025. Leja na stakabadhi zitatunzwa na Katibu kwa miaka 5.

Mkutano ulifungwa saa 7:20 mchana.

(Imesainiwa) Salimu Mbwana, Mwenyekiti
(Imesainiwa) Yohana Mhando, Katibu
(Imesainiwa) Rehema Athumani, Mhazini