Mapatano yetu ya mazoezi ya lugha, Lubumbashi na Tunduma

Kaka Selemani, salamu kutoka Lubumbashi.

Nisamehe kwa yaliyotokea juzi. Uliandika "tuongee saa mbili usiku", nami kazini nimezoea kuhesabu saa kama inavyohesabiwa kwa Kifaransa. Kwangu saa mbili usiku ni 02:00. Nikatega alamu, nikaamka, mtaa kimya, mbwa tu wanabweka, nikafungua simu na kukuta umenipigia mara nne tangu jioni. Ujumbe wako wa mwisho: "Basi dada, usiku mwema." Usingizi haukurudi kwa aibu. Ndiyo maana leo naandika kila kitu, hata yale yanayoonekana ya kitoto.

Halafu, kabla sijasahau: niliandika "naishi Kenya" nawe ukaniuliza kama Nairobi kuna baridi. Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi, yenye soko ambalo kila mtu analijua. Nairobi sijafika.

Tuanze na saa. Kuanzia leo tuandike kwa tarakimu, na saa za pande zote mbili. Ninyi mko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima, maana huku kwetu wala kwenu hakuna kusogeza saa. Napendekeza Jumanne 20:00 Lubumbashi, yaani 21:00 Tunduma, na Jumamosi 16:00 kwangu, 17:00 kwako. Dakika hamsini: ishirini na tano Kifaransa, ishirini na tano Kiswahili. Anayepiga simu ndiye anayeanza na lugha anayojifunza, na tupige kwa zamu ili mega zisimwishie mmoja. Sauti tu, bila video. Tujaribu wiki nne kwanza. Kama haitufai, tuagane vizuri.

Kuhusu mada nina maneno mengi kidogo. Wewe unataka Kifaransa cha kazi, na hicho ninacho: natayarisha karatasi za dwani, yaani forodha, kwa malori yanayoingia mpakani Kasumbalesa, na mengi yamepita hapo kwenu Tunduma. Wiki ya kwanza tusome fakturi moja mstari kwa mstari. Nitafuta majina na bei halisi kabla ya kukutumia, si mali yangu. Wiki ya pili, namba. Utasikia huku tunasema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, urithi wa Wabelgiji. Ukijifunza kwa Wafaransa wa Paris watakufundisha vingine, na dereva wako atapotea kwenye hesabu. Wiki ya tatu, jinsi ya kumwomba ofisa aharakishe bila kumkasirisha. Hiyo ni lugha peke yake.

Upande wangu nataka ngeli. Nyumbani tunasema "batoto banalala mu nyumba", na ninapomwandikia mteja wa Dar es Salaam lazima nisimame, nifikiri, ndipo niandike "watoto wanalala nyumbani". Nataka nisifikiri tena. Siku nyingine uniigizie mtangazaji wa redio anavyotangaza mpira. Nami nitakusimulia mwaka 2010, Mazembe walipofika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Walifungwa na Inter tatu bila, najua, usinikumbushe.

Ila nikuombe kitu. Mtu mmoja niliyefanya naye mazoezi zamani alikuwa akicheka kila nikikosea, akisema Kiswahili cha Kongo kimevunjika. Hakijavunjika. Ni lugha aliyonibembelezea mama yangu, na ninachotafuta kwako ni kuongeza nyingine juu yake. Kwa hiyo usinikatize katikati ya sentensi. Andika makosa pembeni, mwishoni unitajie matatu, hata kama ni ishirini. Nami nitakufanyia hivyohivyo. Na ukisikia nakuita Yaya usishtuke: huku ni kaka au dada mkubwa, heshima tupu. Najua kwenu ni mlezi wa watoto.

Tusiyoyagusa: vita vya mashariki. Nina ndugu Goma, na habari zao sitaki ziwe zoezi la msamiati. Pia tusiulizane mshahara, wala nyumba iko barabara gani, wala kuombana pesa au picha. Hatujuani bado, na haya hayakuhusu wewe peke yako, ningemwambia yeyote.

Sasa kuahirisha, hapa ndipo nilipoumizwa. Yule aliyecheka ndiye pia aliyeniacha Jumanne tatu mfululizo na daftari mapajani, halafu akaja na "oh, nilisahau". Nakuomba: ukijua hutaweza, niambie saa tatu kabla. Ikiwa ni ghafla, maneno mawili yanatosha, "leo hapana". Sihitaji kuelezwa ni kilio, ni ugonjwa au umechoka tu. Kuchoka ni sababu. Aliyeahirisha ndiye anayependekeza siku ya kufidia, ndani ya wiki hiyohiyo. Ikishindikana tusonge mbele, tusibebe deni.

Umeme huku hukatwa bila hodi, na mtandao unaufuata. Nikipotea katikati, nisubiri dakika kumi na tano. Nisiporudi, nenda kalale. Mimi nitakutumia sauti ya dakika mbili kwa Kiswahili siku inayofuata, nawe unijibu kwa Kifaransa. Hiyo tuihesabu kama kipindi. Lakini mmoja wetu akikosa mara mbili bila neno lolote, mwingine yuko huru kutafuta mwenzake, bila kinyongo wala maswali.

Nijibu unachokubali na unachokataa.

Ngoie

—

Dada Ngoie, shikamoo kama umenizidi, habari za leo kama tuko sawa.

Nimecheka sana kuhusu ile 02:00, lakini nimekucheka kwa upole, si kama yule jamaa. Kosa ni langu pia, ningeandika 20:00 ungeelewa. Karibu yote nimeyakubali. Mawili tu.

Jumamosi jioni nina mpira na vijana wa mtaani, tunacheza mpaka giza, na nikikosa watanipa ugolikipa mwezi mzima. Tufanye Alhamisi, saa ileile ya Jumanne?

La pili, saa tatu kabla sitaziweza. Foleni ya malori ikifunga hapa mpakani, bosi ananishika jioni na mimi mwenyewe sijui nitatoka lini. Naahidi saa moja na nusu. Ikinibana zaidi ya hapo utapata "leo hapana" hata kama nimeiandika juu ya boneti.

Na tukifika Ramadhani tusogeze iwe 22:00 kwangu, nirudi kwanza msikitini.

Fakturi nitumie mapema, nataka nije nimeisoma. Maneno ya ofisa asikasirike nayahitaji hata kwa Kiswahili.

Selemani

—

Kaka Selemani, Alhamisi nimekubali, 20:00 kwangu, 21:00 kwako. Saa moja na nusu pia, kwa Jumanne na Alhamisi zote. Ramadhani, 21:00 kwangu, 22:00 kwako, nimeshaandika kwenye kalenda.

Umri wangu ni 34. Sasa amua mwenyewe nani ampe mwenzake shikamoo.

Fakturi inakuja leo jioni. Jumanne napiga mimi.